Usione Haya Kutuambia

Mtaani walimwita Katibu, na jina hilo lilikuwa limemganda hata mumewe alimwita hivyo anapotaka chai. Harusi ikiwapo, yeye ndiye mwandishi wa kamati. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayeandika waliochanga. Alipokuwa bado kazini, meza yake ilikuwa idara ya maji, dirisha la wateja, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuandika ilani za kukatiwa maji. Aliziandika mpaka zikamtokea ndotoni: unatakiwa, usipofanya hivyo, hatua zitachukuliwa. Alistaafu bila sherehe, akapewa saa ya ukutani ambayo haikuwahi kwenda sawasawa, akarudi nyumbani na kalamu yake.

Kwa hiyo chama cha kusaidiana cha mtaa kilipoamua kununua gari la wagonjwa, hakuna aliyeuliza nani atakuwa katibu.

Jambo lenyewe lilianzia kwa mume wa Fundi. Fundi ni mwanamke mshonaji aliyepanga chumba nyuma ya nyumba ya Katibu, chumba kimoja cha kulala na kibaraza kimoja cha kushonea. Mumewe alishikwa na kifua alfajiri moja, wakatafuta gari wakakosa, wakamlaza kwenye mkokoteni wa maji, majirani wakausukuma mpaka barabara kuu. Alikata roho kabla hawajafika kwenye lami. Baada ya arobaini mtaa mzima ulikuwa unasema neno moja: hili lisitokee tena.

Siku ya changizo walikodi viti na vipaza sauti, wakafunga turubai kwenye uwanja wa shule. Kaka yake Katibu alikaa mbele kabisa. Huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, ndiye aliyemlipia karo, na sasa alikuwa mkandarasi mwenye magari mawili na tumbo la kutangulia. Zamu yake ilipofika alisimama taratibu, akakohoa, akasema, "Mimi si mtu wa maneno mengi. Andikeni milioni mbili." Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Mwenyekiti wa chama, mwenye duka la saruji na mabati, alimkumbatia mbele ya watu.

Fundi alisimama mwishomwisho. Hakupewa kipaza sauti, alisema kwa mdomo mtupu. "Mimi nimeondokewa na mtu wangu kwa kukosa gari. Andikeni laki tatu." Watu wakapiga makofi polepole. Katibu aliandika huku akijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba laki tatu kwa Fundi ni nguo za miezi.

Maneno ni upepo. Miezi minne ikapita, ahadi zilizotimia hazikufika hata nusu. Muuzaji wa gari, lililotumika lakini zima, alikuwa amewaambia wazi: malipo ya kwanza yawe mkononi mwake mwisho wa mwezi wa sita, la sivyo anamuuzia mwingine. Kamati ikaitwa katika stoo ya Mwenyekiti, wakakaa juu ya mifuko ya saruji. Walikuwa watatu: Mwenyekiti, Katibu, na Mhazina, muuguzi mstaafu aliyezungumza kidogo na kuhesabu mara mbili.

Mwenyekiti alikuwa ameshaandika tangazo. Alilisoma kwa sauti ya mtu anayefurahia sauti yake.

"Kwa wadaiwa wote. Ahadi ni deni. Chama kimesikitishwa na tabia ya baadhi ya wanachama kujigamba mbele za watu na kuingia mitini siku ya kutoa. Mnapewa siku saba. Atakayeshindwa, jina lake litabandikwa." Akainua macho. "Mnaonaje?"

"Mimi naiona ilani ya maji," alisema Katibu.

"Maana yake?"

"Maana yake nimeandika hizi maisha yangu yote, najua zinafanya nini. Mtu wa maji akipokea ilani analipa kwa sababu ukikata bomba atakunywa nini. Wewe utamkatia mtu nini? Hakununua kitu kwetu. Alisimama mwenyewe akatoa moyo wake. Ukimwita mdaiwa, atasema basi, na moyo wenyewe nauchukua."

"Ahadi si deni sasa? Hata wahenga unawakosoa?"

"Wahenga walimwambia mwenye ahadi ajikumbushe mwenyewe. Hawakumpa mwenyekiti rungu la kumpigia."

Mhazina alicheka puani. Mwenyekiti hakucheka, lakini alisema, "Haya, wewe si ndiye mwenye kalamu? Andika yako. Isipoleta kitu, tunarudi kwenye yangu."

Siku ile Katibu aliandika barua ya kwanza, na aliipenda. Ilikuwa na upendo, ujirani, umoja ni nguvu, na kila neno zuri alilolikosa idara ya maji. Asubuhi alimpelekea Mhazina. Mhazina aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko, akauliza, "Sasa mimi nimeahidi kiasi gani?"

"Si unajua mwenyewe?"

"Miezi minne imepita, mwanangu. Mwingine aliahidi akiwa amechangamka, hakumbuki kama alisema elfu hamsini au themanini. Nimeshatoa kiasi gani? Kimebaki kiasi gani? Mwisho lini? Natuma namba ipi? Barua hii ni tamu lakini inaniacha nikipapasa gizani."

Katibu aliona aibu kidogo, kisha akakaa na barua upya. Kwanza, kabla ya neno lolote, wakashughulika na hesabu. Walilinganisha daftari la ahadi na taarifa ya benki na zile pesa zilizotumwa kwa simu, mstari kwa mstari, juu ya meza ya jikoni kwa Mhazina. Wakakuta watu wanne wanaoonekana hawajatoa kumbe walishatoa. Walitumia simu za wake zao au watoto wao, na jina lililokuja halikuwa lile la siku ya changizo.

"Ungemwita huyu mdaiwa," Mhazina alisema akigonga mstari wa mzee mmoja muuza mkaa, "angeturudishia kadi ya chama usoni. Na angekuwa na haki."

Kisha ndipo Katibu akaandika tena. Barua moja kwa kila mtu, ya kwake peke yake, si ya kubandikwa wala ya kutumwa kwenye kundi la simu. Aliipeleka kwa mumewe kinyozi, akamkuta hana mteja, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Jifanye wewe ndiye uliyeahidi. Sikiliza, ukichomwa na kitu useme."

Alimsomea. Walipofika kwenye "bado hujatimiza ahadi yako," mumewe akainua mkono. "Hapo pamenichoma. Kama mwalimu ananisomea matokeo."

Akafuta. Akaandika "iliyobaki ni."

"Hapo sawa. Hiyo ni hesabu tu, haina jicho."

Barua aliyoituma kwa Fundi, kwa mfano, ilisomeka hivi:

"Habari za siku, jirani yetu mpendwa. Siku ya changizo la gari la wagonjwa uliahidi laki tatu. Tarehe tano mwezi wa pili tulipokea kwako elfu arobaini, na tunakushukuru kwa moyo wote. Iliyobaki ni laki mbili na elfu sitini. Malipo ya kwanza ya gari yanatakiwa mwisho wa mwezi wa sita. Yakifika, gari litaanza kazi mwezi wa saba. Unaweza kutuma kwa namba ya chama iliyo hapa chini, au kumkabidhi mhazina, naye atakupa risiti. Kama umeshatoa na sisi hatujaona, tusamehe, utuonyeshe ili turekebishe. Na kama hali imebadilika, usione haya kutuambia: ahadi inaweza kugawanywa, kusogezwa au kupunguzwa. Utakalotuambia litabaki kati yako, katibu na mhazina."

Chini yake jina la Katibu na namba yake ya simu, ili mtu ajue anamjibu binadamu, si chama.

Mwenyekiti aliisoma akikuna kidevu. "Hii inabembeleza."

"Inabembeleza na inataja hesabu," alisema Katibu. "Yako ilitukana bila hesabu."

Mhazina akasema ipewe mwezi mmoja. Mwenyekiti akakubali, si kwa kupenda, bali kwa kuwa wako wawili kwa mmoja.

Simu ya Katibu haikupoa. Muuza samaki alituma yote siku ileile, akaandika, "Ahsante kwa kunikumbusha vizuri, nilidhani nimemaliza." Mwalimu mmoja aliomba kugawa mara tatu, na fungu la kwanza alilitoa wiki ileile. Mwingine alisema kweli hawezi, kaachishwa kazi, akaomba iwe elfu ishirini badala ya laki. Wakamwandikia kumshukuru kwa elfu ishirini yake. Ndani ya wiki tatu fedha zilizoingia zilizidi zile za miezi minne. Hata kinyozi alisema wateja wake walikuwa wakisomeana barua zile, wakishangaa chama kimepata adabu wapi.

Fundi hakupiga simu. Alizunguka kutoka nyuma ya nyumba, akaja mwenyewe jioni, akasimama mlangoni na ile barua kaikunja mara nne.

"Karibu ndani, Fundi."

"Hapa panatosha." Kisha akaingia hata hivyo, akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Nimeisoma mara ya kwanza nikaogopa. Mara ya pili nikalia. Mara ya tatu nikaona mlipoandika nisione haya. Sasa nimekuja na haya zangu zote, dada, uzipokee."

Akamweleza. Macho yalikuwa yanamfifia. Ukungu, alisema, kama kutazama kupitia nailoni. Hospitali walisema yanaweza kupasuliwa lakini kuna gharama. Uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano mpaka amwite mtoto wa jirani. Sare za shule, zilizokuwa mkate wake, zimehamia kwa fundi mwingine. "Nilisema laki tatu kwa uchungu. Wakati ule ningesema hata milioni. Si kwamba nimegeuka."

"Hujageuka. Nani kasema umegeuka?"

"Watu wakijua, watasema gari limenunuliwa kwa ajili ya mume wake na yeye kakimbia."

"Hawatajua. Imeandikwa hapo. Wewe, mimi na Mhazina."

Wakakubaliana ile elfu arobaini aliyokwisha toa iwe ndiyo ahadi yake yote. Fundi alishika mikono ya Katibu miwili, akaondoka akiwa ameinua kichwa, akigusagusa ukuta asijikwae kwenye ngazi.

Kaka yake, naye, alipiga simu. Katibu alikuwa amefikiri sana kabla ya kumtumia. Barua yake ilikuwa neno kwa neno kama za wengine: uliahidi milioni mbili, bado hatujapokea, iliyobaki ni milioni mbili. Hilo "bado hatujapokea" ndilo pekee lililokuwa tofauti, kwa kuwa hapakuwa na cha kushukuria.

"Wewe," sauti ya kaka ilitoka nzito, "wewe ndiye unayeniandikia mimi?"

"Shikamoo, kaka."

"Nilikusomesha ujue kuandika ili uniandikie mimi barua ya madai?"

"Si ya madai, kaka. Wote wamepata. Ungekosa wewe peke yako, watu wangesema nakuficha."

"Watu! Mimi fedha zangu ziko kwenye mradi. Serikali haijanilipa. Unataka nizitoe wapi, mfukoni mwa suruali?"

"Basi sema hivyo tu, kaka, tuandike. Hata ukisema laki moja sasa na nyingine baadaye. Barua imesema."

"Nipunguze? Mimi, nisimame mbele ya uwanja mzima niseme milioni mbili, halafu nije kwa mdogo wangu nipunguze kama muuza nyanya? Nitaongea na Mwenyekiti. Huko ndiko kuna watu wazima."

Akakata simu.

Mwezi ulipoisha, hesabu ilikuwa wazi kama mchana. Walioweza wametoa, walioshindwa wamepunguziwa, waliosogeza wametaja tarehe zao. Kilichopungua kwenye malipo ya kwanza kilikuwa milioni mbili na kidogo. Mhazina alizungushia duara mstari mmoja kwa penseli, kisha akalifuta, kwa heshima ya Katibu.

Mwenyekiti aliomba orodha. Alisema muuzaji wa gari anataka kuona ahadi zilizobaki ili akubali kuongeza wiki mbili. Ilionekana hoja ya maana. Katibu alimpa karatasi kamili: jina, kiasi cha mwanzo, kilichoingia, makubaliano mapya. Alimwambia, "Hii ni ya kamati, Mwenyekiti. Safu hii ya mwisho ni siri za watu."

"Mimi si mtoto," alisema Mwenyekiti.

Orodha ilitoka kwenye kundi la simu la chama Jumamosi, saa ambayo kila mtu ameshika simu. Katibu alikuwa akifua. Mumewe alikuja mbio kutoka kinyozini, mkasi bado mkononi, nusu ya kichwa cha mteja kikimsubiri.

"Umetuma nini, Katibu?"

"Sijatuma kitu."

"Jina lako liko chini."

Alipangusa mikono, akasoma. WANACHAMA AMBAO HAWAJATIMIZA AHADI. Safu ya makubaliano mapya haikuwapo. Kiasi cha mwanzo ndicho kilichobaki, toa kilichoingia, basi. Aliyeachishwa kazi alikuwa pale na elfu themanini. Mwalimu aliyekwisha toa fungu lake la kwanza alikuwa pale. Fundi alikuwa wa saba: laki mbili na elfu sitini. Na kaka yake, mwenye milioni mbili, hakuwapo. Alitafuta juu na chini, akatafuta tena. Palikuwa na pengo tu kati ya jina moja na lingine, na hata pengo lenyewe lilikuwa limezibwa vizuri. Mwisho wa yote: Imetolewa na Katibu.

Alimpigia Mwenyekiti. "Umefanya nini?"

"Nimeokoa gari. Barua yako ilikuwa nzuri, imefanya kazi yake, lakini imefika mwisho. Hawa wadogowadogo ukiwabana kidogo, tunaziba pengo."

"Wadogowadogo hawana deni! Tumeshakubaliana nao! Na kaka yangu yuko wapi?"

"Kaka yako ni suala la pekee. Tumeongea. Ananunua kwangu saruji ya ghorofa mbili, unataka nimwanike mtandaoni? Nimekusitiri hata wewe, ungenishukuru."

"Toa jina langu pale."

"Katibu ni nani, mimi?"

Katibu akaandika kwenye kundi: "Orodha iliyotumwa si sahihi na haikutolewa na mimi. Waliokubaliana nasi hawadaiwi chochote. Naomba radhi kwa kila aliyetajwa." Maneno yake yalikaa pale yakitazamwa. Kisha wa kwanza akajibu: Sawa, lakini mbona bwana mkubwa fulani hayumo? Wa pili: Damu nzito kuliko maji. Wa tatu akaweka kicheko. Wa nne, yule muuza samaki aliyeandika ahsante mwanzo, aliandika, "Kumbe barua tamu zilikuwa za kututoa siri." Halafu Mwenyekiti akalifunga kundi, asiandike mtu isipokuwa yeye.

"Piga picha daftari," mumewe alisema jioni ile. "Mstari wa kaka yako. Uutume kwa mtu mmoja tu, kesho mtaa mzima unao. Unajisafisha kwa dakika moja."

Mhazina naye alipiga simu akasema vilevile, kwa maneno ya upole zaidi.

Katibu alikaa na daftari mapajani. Milioni mbili, sifuri, milioni mbili. Angeweza. Mkono wake ulikuwa umeshafungua kamera. "Barua ya kaka ilisema litabaki kati yetu," alisema mwishoni. "Haikusema litabaki kwa masikini tu."

"Yeye hakukwambia siri yoyote. Alikutukana."

"Najua." Akafunga daftari. "Nikimwanika, Mwenyekiti atakuwa amenifundisha kuandika. Sitaki."

Mumewe alimtazama kama mtu anayemtazama anayechoma nyumba yake mwenyewe. Alitoka nje, na siku ile hawakula pamoja.

Wiki iliyofuata walipita watu wakatazama pembeni. Kwa kinyozi wateja wakapungua. Si wote, ila wale wa kupiga soga. Katibu alikwenda kwa aliyeachishwa kazi, akamwomba radhi, akapokelewa vizuri. Alikwenda kwa mwalimu, mwalimu akasema hana tatizo, lakini hakumkaribisha kuketi. Kwa Fundi alichelewa. Kila akijiandaa kuzunguka nyuma, alijitafutia kazi nyingine, kwa sababu pale ndipo aliposema kwa kinywa chake, hawatajua.

Siku ya tano Mhazina alikuja na simu yake. "Tazama." Ujumbe wa pesa: laki mbili na elfu sitini, kutoka kwa Fundi.

Katibu alikwenda mbio bila kanga ya kichwa. Kibarazani palikuwa na kiti, na mbele ya kiti palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu ya saruji, nyeupe kuliko kote, kwa sababu cherehani ilikuwa imekaa pale miaka mingi. Cherehani haikuwapo. Fundi alikuwa ameketi chini, akishona upindo wa kanga kwa mkono, uso karibu uguse kitambaa.

"Fundi. Tunazirudisha. Leo hii. Mhazina ameshakubali, mimi nimekubali, ni makosa, umetajwa kimakosa."

"Kaa, jirani."

Alikaa sakafuni.

"Kwenye bomba la maji juzi," Fundi alisema bila kuinua macho, "mtoto mmoja, hana ubaya, kasikia kwao tu, kaniuliza: wewe ndiye mama wa laki mbili na elfu sitini? Kajua mpaka na elfu zake. Si mlitaka iwe sawasawa."

"Sikutuma mimi. Nakuapia kwa Mungu."

"Nimesikia. Nakuamini." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Lakini niliposema siri zangu sikumwambia Mwenyekiti. Nilikwambia wewe. Sasa nimwulize nani?"

Katibu alisema tena kuhusu kurudisha fedha, akasema watamtafutia cherehani ile, aliyeinunua anaweza kukubali. Fundi alitikisa kichwa.

"Zimeingia kwenye gari la marehemu. Ziacheni huko. Mkizirudisha watu watasema nimelia lia mpaka nimerudishiwa." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nataka risiti yangu tu. Barua ilisema nitapewa risiti."

Kitabu cha risiti kilikuwa kwa Mhazina. Katibu akaenda kukileta, akaketi palepale sakafuni akaandika: imepokelewa laki mbili na elfu sitini, ahadi imekamilika. Alikosea kwenye "imekamilika," akachana ile, akaandika nyingine. Fundi aliishika karibu na macho, akaigeuza kuelekea mwanga, akashindwa kuisoma, akaikunja akaiweka kifuani.

"Ahsante, Katibu," alisema. Kabla ya siku ile alikuwa akimwita dada.

Gari lilinunuliwa. Mwenyekiti alikopa pengo lililobaki kwa jina la chama, na siku ya kulikabidhi kaka yake Katibu ndiye aliyekata utepe, kwa kuwa, tangazo lilisema, ndiye mfadhili mkubwa. Katibu alikuwa ameshaandika barua ya kujiuzulu, mistari mitatu, bila kulaumu mtu. Mhazina aliandika ya kwake siku hiyohiyo, mistari miwili. Gari lenyewe linafanya kazi, usiseme halifanyi; limewahisha wajawazito, limewahisha mzee muuza mkaa alipoanguka. Katibu akilisikia linapita hufurahi kweli, na furaha hiyo humkaa kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji.

Fundi siku hizi hushona pindo na vifungo kwa mkono, kwa kupapasa. Mhazina alipeleka jina lake kwa madaktari wa macho wanaokuja kupasua bure, wakamwandika, anasubiri. Wakikutana uani husalimiana yeye na Katibu, habari za asubuhi, nzuri, za kwako, nzuri, na kila mmoja anaendelea na ndoo yake.

Kaka alikuja miezi kadhaa baadaye, mchana, na mfuko wa matunda. Alikaa kwenye kiti kikubwa bila kukaribishwa, kama alivyozoea tangu wakiwa watoto. Alizungumza kuhusu barabara, kuhusu mvua, kuhusu serikali ambayo sasa imemlipa. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mambo ya chama yaishie chamani. Sisi ni tumbo moja."

"Ndiyo, kaka."

"Nasikia ulikuwa na mstari wangu wote, hukuutoa. Nimelijua hilo. Damu ni damu."

Katibu aliweka birika mezani. Alitaka kumwambia kwamba haikuwa damu, kwamba angefanya hivyo kwa muuza nyanya yeyote, lakini aliona haitaingia. Akammiminia chai, akamsogezea sukari, akaenda kusimama mlangoni mpaka alipoimaliza.